Uzi: Tumebaki watatu, shamba la michikichi, ng'ombe sita na dhahabu ya mama. Tugawane vipi pasiwe na anayenung'unika?

#1. Bint_Ujiji

Habari zenu wanajukwaa.

Mama yetu alifariki mwaka jana hapa Ujiji. Baba alitangulia zamani, na wazazi wa mama nao hawapo. Tumebaki watoto watatu: kaka ndiye mkubwa, mimi ni wa pili, na mdogo wetu wa kike ndiye kitinda mimba. Kikao cha ukoo kilinipendekeza mimi niwe msimamizi wa mirathi kwa sababu kaka alisema hana muda wa kwenda na kurudi mahakamani, na Mahakama ya Mwanzo ikaniteua. Sisi ni Waislamu, hivyo mafungu yanajulikana na hayana mjadala: kaka nusu, mimi robo, mdogo wangu robo. Nyumba tuliiuza, tukalipa madeni na gharama za maziko, na fedha iliyobaki tukaigawa kwa mafungu hayo bila neno.

Tatizo limeanza kwenye vitu vilivyobaki. Kuna shamba la michikichi la ekari 3 upande wa Simbo, kuna ng'ombe sita, na kuna dhahabu ya mama, yaani mkufu mmoja, bangili mbili na jozi ya herini. Kaka anasema shamba halifiki thamani tunayolitaja, lakini ukimwambia basi alichukue mwingine anakasirika. Mdogo wangu anasema dhahabu ni kitu kidogo tu cha kumbukumbu, lakini hataki iende kupimwa. Mimi mwenyewe nakiri kwamba kila nikitazama ng'ombe wale naona kama ni kumi na mbili.

Naomba ushauri wa jinsi ya kugawa vitu vyenyewe. Mafungu sisi tumekwisha kuyakubali.

#2. Mchuuzi_Mwandiga

Pole na msiba, dada. Uzeni vyote mgawane fedha. Noti ya elfu kumi haina undugu wala kumbukumbu, ukiikata nusu kwa robo kwa robo hakuna wa kulalamika.

#3. Mnyamwezi_Halisi

Mchuuzi wa #2 anazungumza kama mtu ambaye hajawahi kuuza ng'ombe kwa haraka. Ukiwapeleka mnadani wanunuzi wakajua kwamba ni mali ya mirathi na kwamba warithi wanataka fedha leo, watakupa bei ya mtu mwenye shida, na hasara hiyo mtaigawana kwa mafungu yale yale ya nusu na robo.

Nitasimulia ya kwetu, wilaya ya Uyui. Baba aliacha ng'ombe ishirini na mmoja na sisi tulikuwa wanaume watatu wa fungu sawa. Mjomba alikataa tusihesabu saba saba, kwa sababu kichwa kimoja si sawa na kingine: mtamba mwenye mimba ya kwanza si sawa na ng'ombe mzee aliyezaa mara nane, na maksai aliyezoea jembe ni kitu kingine kabisa. Alichofanya ni kumwambia kaka yetu mkubwa apange mafungu matatu anavyojua yeye, kisha sisi wadogo tukachagua kwanza, yeye akabaki na fungu la mwisho. Nakuhakikishia kwamba sijawahi kuona mtu akipanga ng'ombe kwa uangalifu namna ile. Alirudi zizini mara tatu, akamhamisha ndama mmoja huku na huku mpaka jua likazama.

#4. Mzee_wa_Heru

Vijana mnazunguka bure. Hapa kwetu Kigoma mila ziliandikwa kuwa sheria mwaka 1963, na sheria hiyo inasema binti harithi ardhi ya ukoo isipokuwa kuitumia katika uhai wake. Shamba ni la kaka, akina dada wachukue ng'ombe na mapambo. Habari imeisha.

#5. Karani_Mstaafu

Shikamoo mzee wangu wa #4. Umesema kitu ambacho nusu yake ni kweli, na kwa miaka niliyokaa mezani mahakamani nimeona nusu hiyo ikiwaponza watu wengi.

Ni kweli kwamba lipo Tangazo la Serikali Namba 436 la mwaka 1963 lenye kanuni za urithi kwa makabila yanayofuata upande wa baba, na kanuni hizo zinamweka binti daraja la mwisho. Hata hivyo haziingii kwenye kila boma kwa sababu tu boma hilo liko Kigoma. Mahakama huangalia marehemu aliishi vipi, na mama huyu ni Mwislamu wa Ujiji ambaye watoto wake wote wamekwisha kukubali mafungu ya dini yao. Zaidi ya hayo, kanuni ile ya ardhi ya ukoo ilipingwa Mahakama Kuu Mwanza mwaka 1990 katika kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory, ambako Jaji Mwalusanya alisema mwanamke ana haki sawa na mwanamume juu ya ardhi hiyo, ikiwamo haki ya kuiuza. Kisha ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ambayo kifungu chake cha 20 kinabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi. Na kabla ya yote hayo, mleta uzi hakusema kwamba shamba hilo ni la ukoo. Dada, mama alilipataje?

#6. Bint_Ujiji

Alilinunua mwenyewe kwa fedha ya mawese, na karatasi ya mauziano yenye muhuri wa kijiji ipo.

#7. Mzee_wa_Heru

Kama alilinunua, basi si la ukoo. Hilo nalikubali. Lakini kesi ya Mwanza ni ya Wahaya, msitulazimishe sisi.

#8. Mwalimu_Hesabu

Naomba nirudi kwenye swali la #1. Njia ya #3 ya mpangaji kuchagua mwisho ni nzuri sana, ila inafanya kazi pale mafungu yanapokuwa sawa na vitu vinapokuwa vingi vya aina moja. Hapa fungu la mmoja ni mara mbili ya mwenzake, na shamba peke yake linaweza kuzidi nusu ya mali yote, kwa hiyo hakuna namna ya kupanga mafungu matatu yaliyokaa sawa.

Iko njia nyingine ambayo wanahesabu wa Polandi, Knaster na mwenzake Steinhaus, waliifafanua miaka ya 1940, na nimewahi kuisimamia kwa jirani zangu. Kila mrithi anaandika kwa siri, kwenye karatasi yake, thamani ya kila kitu kwa macho yake mwenyewe, yaani fedha ambayo akilipwa atakiachia kitu hicho bila kinyongo. Karatasi zinafunguliwa pamoja. Aliyeandika thamani kubwa zaidi kwa kitu fulani ndiye anakichukua, halafu fedha inasawazisha.

Nitatumia namba za kubuni, zote kwa milioni. Tuseme kaka ameandika shamba 16, ng'ombe 8 na dhahabu 4, jumla 28. Wewe mleta uzi umeandika shamba 14, ng'ombe 5 na dhahabu 5, jumla 24. Mdogo wako ameandika shamba 12, ng'ombe 6 na dhahabu 6, jumla 24. Kwa macho ya kaka, nusu yake ni 14. Kwa macho yako, robo yako ni 6. Kwa macho ya mdogo, robo yake ni 6.

Kaka anachukua shamba na ng'ombe, vitu ambavyo kwake ni 24, wakati haki yake ni 14, kwa hiyo anaweka mezani 10. Mdogo anachukua dhahabu, ambayo kwake ni 6 kamili, haweki wala hatoi. Wewe hukupata kitu, unachukua 6 kutoka mezani. Mezani panabaki 4, na hizo zinagawanywa tena kwa nusu, robo na robo: kaka anarudishiwa 2, wewe unaongezewa 1, mdogo anapata 1. Mwishowe kaka ametoa 8 tu, wewe umepata fedha 7, na mdogo ana dhahabu na milioni 1.

Kila mmoja amepata zaidi ya haki yake kwa hesabu aliyoiandika mwenyewe. Tazama pia jambo hili: kwa macho yako wewe, shamba na ng'ombe ni 19, na kaka ametoa 8, kwa hiyo unaona amebaki na 11, ambayo haifiki hata mara mbili ya 7 yako. Yeye kwa macho yake anaona amebaki na 16. Mnaondoka nyote mkijiona mmefanya biashara nzuri, kwa sababu mlitofautiana tangu mwanzo juu ya thamani, na tofauti hiyo ndiyo iliyozaa zile 4 zilizobaki mezani.

#9. Mchuuzi_Mwandiga

Mwalimu, nimesoma mara mbili na kichwa kinauma, lakini nimeelewa kwamba kaka anatakiwa kutoa milioni nane. Hiyo milioni nane anaitoa wapi?

#10. Mkulima_Kalinzi

Na mimi nina swali kama la #9, ila la upande wa pili. Kaka akijua kwamba dada zake hawana fedha ya kununua shamba, si ataandika shamba milioni 5 alichukue kwa bei ya nazi?

#11. Mwalimu_Hesabu

Nianze na #10. Akiandika 5 wakati dada yake ameandika 14, shamba linakwenda kwa dada, naye kaka atapewa fedha iliyokokotolewa kwa kipimo kile kidogo alichoandika mwenyewe. Udanganyifu wa kushusha unamlipa mtu pale tu anapojua wenzake wameandika nini. Kama angejua kwamba wewe umeandika 14, angeandika 14 na senti chache, akalichukua kwa kutoa fedha kidogo zaidi. Ndiyo maana karatasi ziwe za siri na zifunguliwe kwa pamoja, na mahali ambapo warithi wawili wanakula chungu kimoja na wanaambiana kila kitu, njia hii inaharibika. Na anayepandisha bei ili kumkomoa mwenzake anaweza kuachiwa kitu hicho akatakiwa kukilipia. Jirani yangu mmoja alibaki na baiskeli ya miti ya marehemu kwa bei ya pikipiki.

Swali la #9 ndilo gumu, na sitajifanya kwamba hesabu inalimaliza. Njia hii inadhani kila mtu ana fedha. Mrithi asiye na fedha ataandika thamani ndogo kwa hofu ya kulipa, hata kama moyoni analitaka shamba kuliko wote.

#12. Karani_Mstaafu

Liko pia jambo la kanuni ambalo mleta uzi asilisahau. Wewe ni msimamizi na ni mrithi. Usizishike karatasi hizo wewe, wala usizifungue wewe. Mpe mtu asiye na fungu, kwa mfano mjomba au imamu, azihifadhi na kuzifungua mbele ya wote. Nimeona usimamizi ukitenguliwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Pia una miezi minne tangu kuteuliwa kupeleka mahakamani orodha ya mali na hesabu ya mgawanyo, zile Fomu Namba 5 na Namba 6. Ukiona muda hautoshi, omba nyongeza kabla haujaisha. Thamani unazoandika kwenye orodha ziwe za soko. Zile za kwenye karatasi za siri ni za moyoni, zibaki kwenye makubaliano yenu ambayo mtayaandika na kuyasaini nyote watatu mbele ya mashahidi.

#13. Kijana_wa_Kibondo

Nilidhani msimamizi ndiye anamiliki mali mpaka agawe, na anaweza kuuza anavyoona? Shangazi yangu aliuza viwanja viwili hivyo hivyo.

#14. Karani_Mstaafu

Hapana, kijana. Ameshika kwa niaba ya warithi. Anaweza kuuza kwa ajili ya madeni au mgawanyo, lakini atatoa hesabu ya kila shilingi. Shangazi yako huenda bado hajaulizwa tu.

#15. Fundi_Sonara

Nimefuata uzi huu kwa sababu ya dhahabu, naona inatajwa kama chumvi. Mdogo wenu hataki ipimwe, na mimi nasema ipimwe hata kama hamtaiuza.

Mnapoandika thamani ya dhahabu kwa macho mtaandika ukubwa wa bangili, na ukubwa hausemi kitu. Bangili ya karati 22 yenye gramu 20 ina dhahabu halisi gramu 18 na kidogo, wakati ya karati 18 yenye uzito ule ule ina gramu 15. Ya karati 9 haifiki hata gramu 8. Zipo pia zile zilizopakwa tu juu, ambazo nikizisugua kwenye jiwe na kutia tindikali rangi inaondoka kabisa. Nimeshuhudia dada wawili wakikaa miezi bila kusemezana kwa ajili ya mkufu ambao ulikuwa shaba.

Jambo la pili ni ufundi. Mama alinunua kwa bei ya dhahabu pamoja na bei ya mkono wa sonara na vijiwe vyake. Ukiipeleka kuuza, sonara anakupa bei ya uzito tu, vijiwe anaving'oa na kukurudishia. Kwa hiyo yule anayekusudia kuivaa apewe nafasi, kwa sababu kwake ufundi bado una thamani, na kwa anayekusudia kuuza umekwisha kupotea.

#16. Bint_Ujiji

Ahsante, fundi. Nimeonesha ujumbe wako kwa mdogo wangu, ameniambia ukweli ambao hakuwahi kuusema. Anadai kwamba bangili moja kati ya zile mbili mama alimpa siku ya harusi yake, akaivaa siku ile, kisha akairudisha kwa mama kwa kuogopa wezi. Kaka anasema huo ni uongo mtupu. Mimi nilikuwa Tabora wakati huo, sikuona.

#17. Ustadh_Mtaa_wa_Pili

Assalaam alaykum. Kama mama alimpa na akaipokea mkononi, hiyo ni hiba iliyotimia, na kumrudishia mama aihifadhi ni amana tu, kwa hiyo haiingii kwenye mirathi. Kama alisema tu kwamba "hii ni yako nikifa", hiyo ni wasia kwa mrithi, na wasia kwa mrithi haupiti mpaka warithi wengine waridhie. Tofauti yote iko kwenye kukabidhiwa, na anayedai ndiye aleta ushahidi. Mwanamke aliyempamba siku hiyo bila shaka yuko hai. Picha za harusi zinaonesha bangili mkononi, ila picha haisemi kama alipewa au aliazimwa.

Kuhusu njia ya Mwalimu wa #8, sioni kizuizi maadamu kila mmoja anajua fungu lake, ni mtu mzima mwenye akili timamu, na ameridhia bila kusukumwa. Warithi wamekuwa wakipatana tangu zamani, mmoja anatoka kwenye shamba kwa kupewa fedha na mwingine anachukua mifugo. Angekuwepo mtoto mdogo ningesema vingine, kwa sababu fungu lake haliwezi kuchezewa kwa ridhaa ya mtu mwingine.

#18. Dada_Mkweli

Samahani kwa kuingilia. Mnajadili karatasi na tindikali, lakini kwa nini hakuna anayeuliza kama mafungu yenyewe ni ya haki? Bint_Ujiji ndiye aliyemuuguza mama, naamini.

#19. Bint_Ujiji

Mdogo wangu ndiye aliyemuuguza. Na nilisema mwanzoni kwamba mafungu tumeyakubali, naomba tusiyafungue.

#20. Ustadh_Mtaa_wa_Pili

Dada wa #18, kaka akitaka kumzidishia mdogo wake kwa uuguzi wake ni hiari yake, tena ni jambo jema, lakini hadaiwi.

#21. Dada_Mkweli

Hiari ya kaka. Sawa.

#22. Mkulima_Kalinzi

Tumezungumza dhahabu na ng'ombe, lakini shamba mmelitaja kana kwamba ni kipande kimoja cha kitambaa. Ekari 3 za michikichi hazipimwi kwa ekari, zinapimwa kwa miche na umri wake. Ile ya zamani ya kienyeji ni mirefu, mkwezi anadai fedha yake, na tunda lina kokwa nene na nyama kidogo. Hii mipya ya tenera inayotoka kituo cha utafiti Kihinga inaanza kuzaa mapema na nyama yake ni nene. Mleta uzi, shamba lina ipi?

#23. Bint_Ujiji

Karibu ekari 2 za chini, upande wa kijito, ni michikichi ya zamani aliyoikuta mama. Ekari moja ya juu, karibu na barabara, kaka aliifyeka miaka minne iliyopita, mama akiwa hai na kwa ruhusa yake, akapanda miche ya Kihinga. Sasa imeanza kuzaa.

#24. Mkulima_Kalinzi

Ndipo panapowasha hapo! Kaka anasema shamba halina thamani kwa sababu anaona sehemu yenye thamani ni jasho lake, na ninyi mnasema lina thamani kwa sababu mnaona ardhi ya mama. Mnataja shamba moja huku kila mtu akiona lake.

#25. Mzee_wa_Heru

Aliyepanda ndiye mwenye mti. Hilo hata sheria ya 1963 haihitajiki.

#26. Karani_Mstaafu

Mzee, na ardhi iliyo chini ya mti? Nimeona mabaraza yakiamua kwa namna mbili. Wapo waliosema mtoto aliyepanda kwenye shamba la mzazi alimsaidia mzazi, na miti ikafuata ardhi. Wapo waliosema arudishiwe gharama zake, yaani miche, kufyeka na palizi, kama deni la marehemu linalotoka kabla ya kugawa. Kilichoamua mara nyingi ni nani alikuwa anauza matunda na fedha ilikwenda wapi.

#27. Mwalimu_Hesabu

Mchango wa #24 umenifanya nibadili ushauri wangu. Msiandike shamba kama kitu kimoja. Kwanza malizeni deni la kaka: mkubaliane kiasi cha gharama zake na alipwe kutoka kwenye mali yote, au mkubaliane kwamba hakuna deni. Kisha liandikeni shamba kama vitu viwili, cha juu na cha chini, kila kimoja na thamani yake. Hapo kaka anaweza kuchukua cha juu pekee na kiasi anachotakiwa kutoa kikapungua, na cha chini kikaenda kwa mwingine. Jambo la #9 la milioni nane linakuwa jepesi kidogo, ingawa haliondoki.

#28. Mnyamwezi_Halisi

Mkiligawa hakikisheni wa chini ana njia ya kutoa mikungu mpaka barabarani, na wa juu ana njia ya kufika kijitoni. Iandikeni, tena wekeni mawe au mpande mimea ya mpaka siku hiyo hiyo mwenyekiti wa kitongoji akiwapo. Kwetu tuligawa ng'ombe vizuri kama nilivyosimulia, halafu tukagombana kwa njia ya kwenda kisimani.

Na ng'ombe wako sita, dada, wahesabu siku ya kugawa na siyo siku ya msiba. Ndama aliyezaliwa katikati ni wa wote, na aliyekufa katikati ni hasara ya wote, isipokuwa mchungaji awe amezembea. Nenda ukawaone mwenyewe. Ng'ombe walioko kwa mchungaji hufa sana msimu wa mirathi.

#29. Mchuuzi_Mwandiga

Ha ha ha! Hilo la #28 ni kweli, na ngozi huwa haionekani.

#30. Kijana_wa_Kibondo

Kumbe! Bibi yangu aliambiwa mbuzi wanne wameliwa na fisi usiku mmoja. Fisi wa wapi anakula wanne?

#31. Bint_Ujiji

Nawashukuru wote. Naleta tulipofikia.

Jumapili tulikaa watatu na mjomba. Mwanamke aliyempamba mdogo wangu alipigiwa simu, akasema alimwona mama akimvisha bangili na kumwambia "itunze", na sisi hatukujua kama "itunze" maana yake ni yako au nirudishie. Kaka aliachia baada ya mjomba kumtazama kwa muda, kwa hiyo bangili hiyo imetoka kwenye mirathi. Iliyobaki, mkufu na herini zilipimwa: mkufu ni karati 21, bangili ni 18, herini zimepakwa tu. Mdogo wangu alilia, lakini alizichukua herini bila kuziandikia thamani na hakuna aliyepinga.

Ng'ombe niliwakuta watano na ndama mmoja. Mchungaji ana maelezo.

Kuhusu miche ya Kihinga, kaka alitaja gharama zake, nami nikaona ni kubwa mara mbili ya ninayoijua, kwa sababu mama ndiye aliyelipa vibarua wa palizi mwaka wa kwanza na nina daftari lake. Mjomba amesema tuandike karatasi za siri hata za deni hilo, kila mmoja aandike anachoona ni haki, tuchukue kiasi cha katikati. Kaka anasema hapo sisi wawili tutamzidi kura.

#32. Mwalimu_Hesabu

Ana hoja. Katika watu watatu ambao wawili wanalipa na mmoja analipwa, kiasi cha katikati kitakuwa cha mmoja wa wale wawili wanaolipa daima. Kwa deni tafuteni mtu wa nje anayejua kazi ya michikichi, ahesabu miche, apige gharama za kila mwaka, kisha mtoe zile zilizomo kwenye daftari la mama.

#33. Mkulima_Kalinzi

Mimi niko tayari kuja kuhesabu. Nauli na chai tu. Lakini nitahesabu ile iliyo hai, iliyokufa palizi haijui ya nani.

#34. Mzee_wa_Heru

Na mchungaji anasema ng'ombe wa sita alikwenda wapi?

#35. Bint_Ujiji

Anasema alizama kwenye tope. Mkulima wa #33, nakuandikia pembeni tupange siku. Kaka amekubali uje, kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayekuonesha mipaka.